Maji ya Kuchemsha na Choo Kisafi Wiki za Mvua: Maswali Tunayoulizwa Sana Kituoni

Maswali haya huletwa kwenye kituo chetu cha afya kila masika yanapoanza, na tena wakati wa vuli. Majibu tumeyaandika tukiwa na nyumba ya aina moja akilini: nyumba ya Kiswahili yenye vyumba vya kupangisha, kisima uani, choo cha shimo kinachotumiwa na wapangaji wote, na maji ya kunywa yanayonunuliwa kwa mtungi. Ndivyo watu wengi wanavyoishi Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu.

Kwa nini kipindupindu huzidi mvua ikinyesha?

Mvua haileti kipindupindu. Inakihamisha. Bakteria wake hutoka kwenye kinyesi na matapishi ya mtu aliyeambukizwa, na ili mtu mwingine augue ni lazima wamfikie mdomoni. Wengi wanaoambukizwa hawaharishi kabisa, au huharisha kidogo tu, ilhali kinyesi chao kinabeba bakteria kwa siku kadhaa. Kwa hiyo choo cha nyumba ambayo haina mgonjwa si lazima kiwe salama.

Sasa tazama ardhi tunayoishi. Sehemu kubwa ya Mombasa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, wenye nyufa na matundu mengi. Kwenye udongo mzuri maji hupenya polepole na uchafu hunaswa njiani. Kwenye matumbawe maji hupita kwenye nyufa kama yapitavyo kwenye paipu, bila kuchujwa. Kanuni ya kawaida hutaka kisima na choo vitengane angalau mita 30, na chini ya shimo la choo kuwe juu ya maji ya ardhini kwa mita moja na nusu au zaidi. Viwanja vyetu vingi havina hata hizo mita 30 kutoka ukuta hadi ukuta, na hata pale zilipo, ufa mmoja unaweza kuzifuta. Mvua ikinyesha mfululizo, maji ya ardhini hupanda na kuingia shimoni kwa chini. Hapo choo na kisima huwa midomo miwili ya maji mamoja.

Maji ya kisima chetu ni meupe na yana chumvi. Chumvi si inaua vijidudu?

Haiui hawa. Bakteria wa kipindupindu kwa asili yake huishi kwenye maji yenye chumvi kidogo, pale mito inapokutana na bahari. Maji ya kisima yenye chumvi ya kadiri, ya kuonjeka kwenye chai, yanamfaa tu. Na weupe wa maji haukuambii kitu, kwa sababu bakteria hawaonekani kwa macho na hawana harufu.

Ipo dalili moja mnayoweza kuitazama wenyewe. Wekeni alama kwenye kamba ya kuchotea. Kama maji ya kisima yanapanda saa chache tu baada ya mvua kubwa, basi maji ya juu ya ardhi yanaingia kwa njia ya mkato. Kisima cha namna hiyo kisitumike kwa kunywa wala kupikia masika yote, isipokuwa maji yametibiwa. Lakini kisima kisichoonyesha dalili hiyo nacho msikipe cheti cha usalama.

Tunanunua maji ya mfereji kwa mwenye mkokoteni. Hayo si yametibiwa tayari?

Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka mbali: Mzima, Baricho, Marere na Tiwi. Tatizo mara nyingi huingia njiani. Kwa kuwa maji ni ya mgao, paipu hukaa tupu siku nzima au zaidi. Paipu tupu haina msukumo wa ndani, na pale ilipopasuka, au pale mpira wa plastiki ulipopitishwa ndani ya mtaro, maji machafu ya nje hunyonywa kuingia. Ndiyo maana maji ya kwanza baada ya mgao hutoka yakiwa na rangi. Ongeza mtungi ambao haujasuguliwa ndani kwa miezi, na pengine mchanganyiko na maji ya kisima pale mfereji unapokauka. Yachukulieni kama maji ambayo hayajatibiwa.

Maji yachemke kwa muda gani?

Yachemke hasa, kisha yaendelee kuchemka kwa dakika moja. Kuchemka hasa ni pale mapovu makubwa yanapopanda kutoka chini ya sufuria na uso wote wa maji unaruka, hata ukikoroga hayatulii. Vipovu vidogo vinavyoshika kando ya sufuria mapema si kuchemka. Hiyo ni hewa iliyokuwa ndani ya maji inayotoka, na maji bado hayajafika kiwango chake.

Kusema kweli bakteria huyu hufa kabla ya maji kufika nyuzi 100. Lakini nyumbani hakuna kipimajoto, na mapovu makubwa ndiyo alama pekee unayoweza kuiamini kwa jicho. Kuchemsha dakika kumi au ishirini hakuongezi usalama wowote, kunamaliza makaa tu, na maji ya kisima huzidi kuwa na chumvi kwa sababu mvuke hutoka ukaiacha chumvi nyuma.

Maji yakiwa na tope, yaache yatulie, uyachuje kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne, ndipo uyachemshe. Kuchuja peke yake hakutoshi.

Tunachemsha kila siku, na bado watoto wanaharisha. Kwa nini?

Hili ndilo swali tunalolipa uzito kuliko mengine, kwa sababu kosa mara nyingi haliko jikoni. Liko baada ya sufuria kutolewa motoni. Maji yaliyochemshwa hayana kinga yoyote inayobaki ndani yake. Tone moja la maji machafu likiingia, yamerudi pale pale. Kuharisha kuna sababu nyingine pia, lakini anza kwa kutazama mambo haya.

Kosa tunalolisikia sana ni kupoza kwa kuchanganya. Maji ni ya moto, mtoto analia kiu, mama anamimina nusu kikombe cha moto na kujaliza kwa maji baridi ya mtungini. Uvuguvugu unaotoka hapo hauui kitu. Ni maji ya mtungini yale yale, yakiwa na joto. Barafu ya mtaani ni vivyo hivyo: ubaridi hauwaui bakteria, unawahifadhi, na barafu ikiyeyuka ndani ya sharubati wanakuwa wamefika.

Kosa la pili ni kuchota. Kikombe au kata inapozamishwa kwenye ndoo, vidole huzama nayo. Mtoto aliyetoka chooni hajanawa, akachota mara moja, anakuwa ameyaharibu maji ya nyumba nzima. Maji ya kunywa yamiminwe, yasichotwe. Tumia chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko, au ndoo yenye mfereji chini. Anayebaki na ndoo ya kawaida tu atumie jagi moja lenye mkono mrefu, litundikwe ukutani, lisiwekwe chini wala kunywewa.

La tatu ni chombo chenyewe. Mtungi wenye utelezi wa kijani ndani huharibu maji mazuri. Weka maji kidogo ya sabuni na konzi ya mchanga safi, funga, tikisa kwa nguvu, suuza, kisha suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyochemshwa au yenye dawa.

Kuna jambo lingine ambalo watu husahau. Wanaotawadha kwa maji ya pipa la uani husukutua kwa maji hayo hayo, na kidogo humezwa, hasa na watoto. Weka birika moja la maji yaliyotibiwa kwa kusukutua na kupigia mswaki, na ya pipani yabaki kwa viungo vingine.

Familia yetu ni watu watano na makaa ni ghali. Tuchemshe kiasi gani?

Tupige hesabu. Mtu anahitaji lita 3 hivi kwa siku za kunywa, kusukutua na kupigia mswaki. Watu watano ni lita 15. Maji ya chai, uji na mchuzi yatachemka jikoni yenyewe, kwa hiyo msiyahesabu. Kwa sufuria ya lita 8, hizo ni raundi mbili.

Chemsheni jioni, mara tu chakula cha usiku kinapotoka na makaa bado yana moto, badala ya kuwasha jiko upya asubuhi. Funikeni sufuria tangu mwanzo, maji yatachemka upesi na makaa yatapungua. Yakishachemka dakika moja, ondoeni motoni, acheni na kifuniko chake mpaka asubuhi, kisha mmimine kwenye chombo kilichosafishwa. Msiyahamishe kwa kuchota. Kama mnahitaji yapoe upesi, sufuria ikae ndani ya karai la maji baridi, ila maji ya karai yafike nusu ya kimo cha sufuria tu, yasije yakaruka ndani. Tumieni maji hayo ndani ya siku moja. Yatakayobaki yapelekeni kuoshea vyombo na mchemshe mapya.

Maji ya kuoshea vyombo, matunda na mboga za kachumbari hayahitaji makaa. Hayo yatibiwe kwa klorini.

Klorini tunaitumiaje, na tutajuaje kwamba imefanya kazi?

Vidonge vya kutibu maji vina ukubwa tofauti. Kidonge cha miligramu 67 ni cha mtungi wa lita 20 wa maji meupe. Dawa ya chupa ifuate kipimo kilichoandikwa kwenye chupa hiyo, kwa kifuniko cha chupa hiyo. Ukishatia, koroga au tikisa, funika, na usubiri dakika 30. Kusubiri ni sehemu ya dawa. Anayekunywa baada ya dakika tano amekunywa maji yasiyotibiwa yenye harufu ya klorini.

Baada ya dakika 30 fungua unuse. Kuna harufu hafifu ya klorini? Basi dawa imetosha na imebaki kidogo ya kulinda maji, jambo ambalo kuchemsha hakufanyi. Hakuna harufu kabisa? Uchafu uliokuwamo umeimaliza dawa. Rudia kipimo kile kile, subiri tena dakika 30, unuse tena. Maji yenye tope huila klorini, kwa hiyo yatulize na kuyachuja kwanza, kisha utie kipimo mara mbili.

Jiki ni ya choo na sakafu. Usiitie kwenye maji ya kunywa kwa kukisia.

Je, ndimu au ukwaju unatosha?

Bakteria huyu kweli hapendi uchachu. Lakini huwezi kujua kikombe chako kina uchachu wa kutosha, na maji ya kuulainishia ukwaju wa bajia mara nyingi ni ya mtungini moja kwa moja. Chemsha maji, kisha tia ndimu kwa ladha. Dafu lililokatwa mbele yako ni salama ndani. Uliza habari ya kikombe na mrija.

Maji ya mvua kutoka kwenye mabati?

Ni mazuri kuliko ya kisima, na hayana chumvi. Acha mvua ioshe bati kwa robo saa kabla ya kukinga, kwa ajili ya kinyesi cha ndege na vumbi, kisha yatibu kama mengine.

Choo chetu kinaoshwa kila siku. Bado kuna hatari gani?

Tazameni kopo la kuchambia. Kila mtu hulishika kwa mkono ambao haujanawa, kisha hulirudisha lilipokuwa. Likishatumika likazamishwa kwenye pipa la uani ili kujazwa, kinyesi kimeingia kwenye maji ambayo jirani atachotea ya vyombo. Hapa ndipo choo na kikombe hukutana, hata kama shimo lenyewe halina kasoro.

Wekeni ndoo ndogo ya maji ndani ya choo, ya choo tu, pamoja na kopo lake. Ndoo ijazwe kwa kumiminiwa kutoka kwenye pipa kwa chombo kingine. Nje ya mlango, si ndani, liwekwe dumu la kunawia lililotobolewa chini na kuzibwa kwa kijiti, na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa kamba kisipotee. Maji ya kunawa yatiririke juu ya mkono. Bakuli la kunawia watu wote linagawa bakteria.

Kuosha choo kwa jiki: kiasi gani?

Jiki nyingi za madukani zina klorini ya asilimia 3.5, soma chupa. Kwa jiki hiyo, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji hutoa dawa ya asilimia 0.5, ambayo ni nguvu inayofaa kwa sakafu ya choo, komeo la mlango, mpini wa kifuniko na kopo.

Mpangilio ndio watu wanaokosea. Kwanza sugua kwa sabuni na maji mpaka uchafu utoke, kisha mwagia dawa, uache dakika 10, ndipo usuuze. Ukimwaga jiki juu ya kinyesi, kinyesi kinaimaliza nguvu kabla haijafika sakafuni. Tengeneza mpya kila siku, kwa sababu dawa iliyochanganywa hudhoofika, hasa juani. Usiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia vyoo: hutoa gesi inayochoma mapafu, na choo chenyewe ni chumba kidogo kisicho na hewa. Wala usimimine jiki shimoni ili kuliua shimo. Haitoshi kwa wingi ule, na huua vijidudu vinavyoozesha. Jivu juu ya kinyesi husaidia kupunguza inzi; kifuniko kinachoziba vizuri husaidia zaidi.

Tutajuaje shimo limekaribia kujaa?

Mulika kwa tochi. Kinyesi kikifika nusu mita chini ya sakafu, shimo limejaa kwa hesabu yetu, hata kama bado kuna nafasi ya macho. Nusu mita hiyo ndiyo akiba ya mvua. Kama kiwango kinapanda usiku wa mvua na kushuka kukikauka, maji ya ardhini yameingia shimoni, na kisima cha karibu kifungwe kwa matumizi ya kunywa.

Gari la kunyonya liitwe kabla ya masika. Njia zikishajaa maji, gari halifiki, na ndipo baadhi ya wenye nyumba hulitoboa shimo usiku ili mvua ichukue. Tunawaomba wapangaji wasilinyamazie jambo hili, wamwarifu afisa wa afya ya umma wa wadi. Kinyesi hicho hakiendi baharini tu. Kinapita kwenye uwanja wa jirani, kwenye mtaro ambamo mipira ya maji imelala, na kwenye kisima cha wa bondeni.

Kabla ya mvua pia inueni ukingo wa choo kwa saruji au magunia ya mchanga, na chimbeni mfereji wa kuyazungusha maji ya uwanja yasiingie mlangoni.

Choo kimefurika tayari. Tufanye nini leo?

Fungeni mlango na msikitumie, maana kila anayekitumia anaongeza kinachotoka. Ombeni choo cha jirani kilicho juu. Watoto wadogo watumie poti, na kinyesi chao kipelekwe kwenye choo hicho. Kinyesi cha mtoto kina hatari ile ile. Msikanyage uwanja miguu mitupu, na watoto wasichezee madimbwi. Maji yakipungua, ondoeni tope kwa sepetu, sugueni kwa sabuni, kisha dawa ya asilimia 0.5. Mwagieni dawa hiyo pia ukingo wa kisima, lakini msikitumie kwa kunywa. Kutia klorini ndani ya kisima chenyewe ni kazi ya afisa wa afya, na kwenye mwamba wa matumbawe maji mapya huingia upesi, kwa hiyo kinga yake ni ya siku chache.

Mtu ameanza kuharisha kama maji ya kuoshea mchele. Tumpe nini kabla ya kufika kituoni?

Anzeni kumnywesha papo hapo, na safari ianze papo hapo. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza lita nzima kwa saa. Pakiti moja ya ORS huchanganywa na lita moja ya maji yaliyotibiwa, si glasi. Kama hamna pakiti: lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu. Chumvi ikizidi inadhuru, kwa hiyo onjeni: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Akitapika, subirini dakika 10, kisha mpeni kijiko baada ya kijiko. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Msimpe dawa ya kufunga tumbo.

Macho yaliyozama, ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole, mkojo umekata, au amelegea hawezi kunywa: huyo anahitaji maji ya mshipani sasa hivi, hata iwe usiku wa manane.

Aliyebaki nyumbani avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi, amwagie dawa ya jiki ya asilimia 0.5 kwenye matapishi na kinyesi kilichomwagika, asubiri dakika 10, kisha afute na kutupa chooni, ndipo asugue mahali hapo kwa sabuni na kumwagia dawa tena. Nguo na shuka za mgonjwa zisifuliwe kisimani wala karibu na pipa. Zichemshwe, au zilowekwe kwenye dawa, na maji yake yamwagwe shimoni. Majirani wote wanaotumia choo hicho waambiwe siku hiyo hiyo, kwa sababu dalili huweza kuanza saa chache baada ya kuambukizwa au zikachelewa hadi siku 5. Naye mgonjwa akirudi kapona, kinyesi chake bado kinaweza kubeba bakteria hadi siku 10 hivi. Mpaka zipite asiwapikie wengine, na komeo la choo lifutwe kwa dawa kila akitoka.